Mwigizaji mmoja, wahusika wanne: mbona kwenye picha naonekana mtu yuleyule?

Mwana_Jukwaa

Wakuu, habari za jioni. Nina igizo la mtu mmoja, dakika 50. Naigiza watu wanne: mtoto wa mtaani, dalali wa nyumba, karani wa baraza la ardhi, na bibi mwenye nyumba wa miaka sabini na kitu. Mimi ni dada wa miaka 29, mweusi tii, mwembamba.

Nimebandika picha nane. Nne za kwanza ni za mazoezi, ukumbini kwenye taa za kawaida za mirija, rafiki yangu alipiga kwa fleshi. Nne za mwisho ni za zoezi kamili, maleba yote na taa za jukwaani.

Shida zangu ni hizi. Za mazoezi, bibi anaonekana kamwagiwa unga. Za jukwaani, ile mikunjo niliyoichora nusu saa nzima imepotea yote! Na kwenye picha namba 7, ile ya usiku wa taa ya bluu, bibi anaonekana amepigwa ngumi za mashavu. Halafu ukiniuliza kwa ujumla, nikiwaweka dalali, karani na bibi pembeni kwa pembeni, ni mimi tu nimevaa nguo tofauti.

Jambo jingine: kutoka dalali kwenda bibi nina sekunde 40, nyuma ya pazia, msaidizi mmoja.

Kipepeo_Meikapu

Dada hongera, una uso mzuri wa kufanyia kazi. Mimi napamba maharusi, mwaka wa tisa huu. Tatizo lako hujaseti. Rangi ya mafuta bila poda inateleza, taa zikipiga unang'aa na mikunjo inayeyuka. Seti na ile poda isiyo na rangi, piga nyingi, subiri, pangusa.

Na mikunjo usichore. Vuta ngozi, pakaa gundi ya kubandikia kope, ikauke ukiwa umevuta, achia. Inajikunja yenyewe kama ya bibi kweli. Nimewahi kumfanyia mtu wa video, hata mama yake alishtuka.

Korosho_Mzee

Uzi huu umenikumbusha mbali. Nilikuwa sekondari, nikapewa babu wa kijiji. Mwalimu akanipaka unga wa sembe kichwani. Nimeingia, nikapiga goti mbele ya mfalme, wingu likapanda. Mfalme akapiga chafya, mimi nikapiga chafya, ukumbi mzima ukacheka, na ilikuwa ni msiba. Suruali nyeusi yote ina madoa meupe. Mpaka leo waliosoma nami wananiita Sembe.

Kwa hiyo dada usitumie unga. Ndiyo ushauri wangu wote.

FundiPicha_Ilala

Mtoa mada, mimi nitakuambia ukweli: meikapu yako haina kosa, kosa ni kamera. Picha 5 hadi 8 zote pazia la nyuma ni jeusi. Kamera ikiwa kwenye otomatiki inaona giza jingi, inadhani eneo lote halina mwanga, inaongeza. Pazia linakuwa la kijivu na uso wako unachomeka. Ukichomeka, mikunjo inaenda nayo. Tazama picha 6, paji la uso halina kitu kabisa, ni bati.

Mwambie mpiga picha aende manual, apime mwanga usoni si kwenye pazia. Aanze na ISO 1600, lenzi wazi f/2.8, 1/125, halafu ashuke au apande kwa kuangalia uso. Kama ni simu, bonyeza uso kwa muda mpaka ifunge hapo, kisha shusha mwanga kwa kidole.

Na fleshi mazoezini marufuku. Inatoka palepale ilipo lenzi, inafuta kila kivuli.

Mwana_Jukwaa

@FundiPicha asante, nitamwambia. Ila hata waliokaa ukumbini walisema mikunjo hawakuiona. Macho yao nayo yako otomatiki? 😅

@Kipepeo nina swali, hiyo gundi naitoaje kwa sekunde 40? Maana nikishakuwa bibi narudi kuwa karani, halafu bibi tena.

Kipepeo_Meikapu

Aah, hapo kwenye kurudi nilikuwa sijasoma vizuri. Basi baki na poda.

BiMaleba

Mwanangu, nimeona uzi huu kwa kuchelewa. Mimi nimevalisha watu nyuma ya pazia tangu nikiwa Bagamoyo, chuo hakijaanza kuitwa TaSUBa. Niseme machache.

Picha nimezitazama zote, kisha nikazipunguza hadi kila moja ikawa kama stempu ya barua. Fanya hivyo na wewe. Kwenye stempu mtoto namjua, kachuchumaa na kaptura inampwaya. Wale watatu siwatofautishi. Wote wamesimama wima, mabega yaleyale, kichwa kimekaa palepale juu ya shingo. Mtu wa safu ya mwisho anakuona kwa ukubwa huo wa stempu. Mikunjo haioni hata ungechora kwa kisu. Anachokiona ni umbo, na maumbo unayo mawili tu kwa watu wanne. Hiyo ndiyo sababu ya swali lako la mwisho, na haihusiani na rangi ya uso.

Sasa unga. Nadhani umechanganya nyeupe na nyeusi ukapata kijivu, ukapaka kwenye ngozi nyeusi tii. Kijivu juu ya ngozi yetu ni majivu, hakuna taa itakayokiokoa. Kisha ukaongeza poda ile isiyo na rangi. Kipepeo, samahani mwanangu, kuseti ni kweli lazima useti, lakini poda hiyo nyingi ina silika, na fleshi ikiipiga inarudisha weupe. Kwa jicho huioni, kwa kamera unaiona. Maharusi wako hujawahi kupata picha ya fleshi pua nyeupe?

Kipepeo_Meikapu

Nimewahi. Nilimlaumu mpiga picha.

FundiPicha_Ilala

Tunalaumiwa sana sisi.

BiMaleba

Naendelea. Kuzeesha ngozi nyeusi si sawa na kuzeesha ngozi nyeupe, na maelekezo mengi mtandaoni ni ya ngozi nyeupe. Wao wanachora kivuli cha kahawia kwenye mkunjo, na kinaonekana, kwa sababu ngozi yao ina nafasi kubwa ya kushuka kwenda kwenye giza. Wewe huna nafasi hiyo. Kahawia uliyopaka imelala ndani ya rangi yako mwenyewe, ndiyo maana wa ukumbini hawakuiona. Kwetu anayefanya kazi ni mwanga. Unapaka palipoinuka, si palipobonyea.

Chukua rangi ya asali au mchanga wa manjano, isizidi hatua mbili au tatu juu ya rangi yako. Kaa chini ya taa moja iliyo juu ya kichwa, zima nyingine. Papasa kwa kidole mfupa wa nyusi, mfupa wa shavu, na ule mkunjo unaotoka puani hadi mdomoni. Tabasamu uuone, halafu paka ukingo wake wa juu, ule ulionona, si mfereji wenyewe. Upande unaogusa mfereji uache mkali, upande wa pili uutawanye kwa kidole hadi upotee. Ukiacha pande zote mbili kali unapata masharubu ya paka, na picha yako namba 3 unayo matatu kila upande. Kivuli kidogo kama unakitaka sana, kitie chini ya shavu na kwenye kipaji pembeni, na kiwe kahawia yenye wekundu wa mbali.

Usiuzidishe, maana wekundu ndio umekupiga ngumi kwenye namba 7. Taa ya bluu haina mwanga mwekundu wa kurudisha, kwa hiyo chochote chekundu kinageuka cheusi. Ulipaka rangi nyekundu mashavuni?

Mwana_Jukwaa

Shikamoo mama. Ndiyo, nilipaka ili bibi aonekane mchangamfu 🙈. Na kijivu umekijua sawasawa, nilichanganya mwenyewe kwenye kifuniko.

Ila mama hapo kuna mtego. Nikishapaka mwanga wa mifupa, dalali naye atakuwa mzee. Siwezi kunawa katikati.

Otieno_Drama

Salamu kutoka Nairobi. Nimesoma nikasikia kucheka kidogo, kwa nini mnahangaika na rangi? Mtu mmoja watu wanne, kazi ni ya mwili. Afrika Kusini, Market Theatre pale Johannesburg, mwaka wa 1981, Percy Mtwa na Mbongeni Ngema walicheza Woza Albert!, watu wawili wakawa umati mzima. Jukwaani masanduku mawili ya chai na ubao umetundikwa nguo chakavu kwenye misumari. Wao wenyewe kifua wazi. Wakitaka kuwa Mzungu, walikuwa na kipira cha rangi ya waridi kwenye lastiki shingoni, wanakipandisha puani. Basi. Umeshakuwa polisi.

Na kila kitu kilifanyika mbele ya watu. Wewe sekunde 40 nyuma ya pazia ni nyingi mno! Badilika mbele yao.

BiMaleba

Otieno umesema vema, na mfano wako ni mzuri kuliko ulivyoutumia. Kile kipira ni meikapu. Ni meikapu ya sekunde moja, inayoonekana safu ya mwisho, na inavuka kwenye picha hata iwe stempu. Wao hawakuacha kupamba, walichagua kitu kimoja kinachotosha. Lakini igizo lile lilitaka tuwacheke wale wakubwa. Bibi wa huyu binti hatakiwi kuchekwa, na mwenyewe ameandika pazia, tusimwandikie igizo lingine.

Sasa mtego, binti. Ni kweli hunawi. Kwa hiyo unapaka uso mmoja tu, mwanzo, na wote wanne wanauvaa. Mwanga wa mifupa, kidogo, umesetiwa kwa poda ya rangi yako mwenyewe. Halafu umri unautoa kwenye taa. Wewe mwenyewe ulilalamika kwamba mikunjo ilipotea jukwaani. Taa zako zilitoka wapi?

Mwana_Jukwaa

Mbele. Mbili kubwa, juu kidogo ya safu ya tatu.

BiMaleba

Haya. Taa ya mbele inajaza kila shimo la uso, mtu anakuwa kijana bila kutaka. Mpe hiyo karani na mtoto. Bibi mpe taa ya pembeni, au ya juu kabisa, ile ya mbele ishushwe sana. Uso uleule utaota mifupa. Dalali muwekee kofia yenye ukingo, uso wake ukae kivulini hadi nusu. Fundi wa taa ni mpambaji wako wa pili, mnunulie soda.

Mvi usipake kichwani. Shona utepe wa nywele za wigi, za rangi ya kijivu yenye umanjano kidogo, kwenye ukingo wa ndani wa mtandio. Ukijitanda, mvi zimekuja pamoja na mtandio kwa mkono mmoja. Nyeupe safi iache, kwenye picha inageuka ya bluu.

Nguo sasa. Gauni la bibi livae ndani tangu mwanzo, bila mikono. Shati la dalali juu yake, lifunguke mgongoni. Usitie velkro. Ukumbi ukiwa kimya, velkro inachana kama shuka, na msiba wa bibi ndio unaanza hapo. Tia vile vifungo vya chuma vya kubonyeza, vikubwa, vitatu tu. Vifungo vya mbele vya shati vishonwe tu juu kwa sura.

Na viatu. Picha za mazoezi zote nne uko na ndala. Ndiyo maana unasimama sawa kwa wote. Dalali apate kiatu cha ngozi chenye kisigino, bibi awe peku, na uanze navyo zoezi la kwanza, si wiki ya mwisho.

Korosho_Mzee

Bibi awe peku? Bibi zetu wana heshima, wanavaa viatu. Bibi yangu mzaa mama hakuwahi kutoka nje peku hata siku moja.

BiMaleba

Yuko ndani ya nyumba yake, mzee wangu. Lakini kama binti anamtoa uani, basi kubadhi.

FundiPicha_Ilala

Mama BiMaleba nimekubali sehemu yangu haikuwa yote. Niongeze moja. Mtoa mada, ukitaka kulinganisha picha, zilinganishe kwa haki. Za mazoezi na za jukwaani rangi hazifanani kwa sababu kamera inajichagulia rangi kila picha. Funga. Kama taa za jukwaa ni zile za balbu za moto, weka 3200K usiguse tena. Kama ni LED, piga picha ya karatasi nyeupe chini ya taa yenyewe, tumia hiyo. La sivyo utabadilisha meikapu kufuata kosa la kamera.

Na piga kila mhusika mbele, kulia, kushoto, na mzima hadi viatu, umbali mmoja. Mbandikie msaidizi wako nyuma ya pazia. Atajua mtandio ulikaa upande gani.

Otieno_Drama

Taa za LED ziangalie sana, ukipandisha kasi ya kamera zinaleta mistari kwenye picha. Ilitupata. Lakini mimi bado nasema, mtandio wenye nywele ni kujificha. Kama mabega yake hayawezi kuwa ya bibi, nywele hazitasaidia.

Mwana_Jukwaa

Nimerudi baada ya siku sita. Nimebandika picha mpya nne, zote jukwaani, 3200K, pazia safari hii ni jeusi kweli.

Gauni ndani, shati juu, vifungo vitatu. Badiliko la kwanza lilichukua sekunde 58. Sababu: sikuvua kiatu cha kamba haraka. Tukakata kamba, tukaweka lastiki ikashonwa ionekane kama imefungwa. Ya pili 44. Ya tatu msaidizi alisimama upande wa kulia badala ya kushoto, mkono wangu wenye mtandio ukawa huru, 33. Nimeirudia mara tano, haijazidi 36.

Fundi wa taa alinung'unika kwamba ana taa mbili tu za pembeni. Akahamisha moja, akaiweka kushoto chini ya usawa wa kichwa changu kidogo. Bibi akatoka mchawi! Tukaipandisha juu, akawa bibi.

Kitu ambacho sijakitatua: mikono. Angalieni picha ya pili. Uso wa miaka sabini, vidole vya miaka 29 vimeshika fimbo, mbele kabisa, vinang'aa. Nikivipaka, dalali anahesabu pesa kwa mikono ya bibi.

Na masharubu ya dalali. Nilichora kwa wanja. Mmoja aliniambia ni mazuri, mwingine akasema nimekula chokoleti.

Kipepeo_Meikapu

Masharubu achana na wanja, nunua ya kubandika yenye gundi ya spiriti. Ila jaribu kwanza kidogo nyuma ya sikio siku mbili kabla. Kuna bibi harusi wangu alivimba kwa gundi ya kope, tangu hapo siachi kujaribu.

Otieno_Drama

Au dalali asiwe na masharubu. Nani kasema dalali lazima?

BiMaleba

Kwa jasho la jukwaa letu, ya gundi yatakuangukia dakika ya kumi na tano. Na ukishayabandika, unayatoaje kwa sekunde 40 bila kuchubua mdomo? Hapa niko na Otieno, kwa shida.

Nimeitazama picha ya kwanza kwa stempu. Sasa namwona dalali, kajaa kifua, kisigino kimempandisha. Karani bado si mtu. Ameketi kama dalali aliyechoka. Mpe miwani, lakini si ya kuvaa, ya kushusha hadi ncha ya pua, ili kila anapomtazama raia kidevu kishuke. Kioo toa, taa ya mbele itakipiga na macho yako yasionekane.

Mikono: kanga ya pili. Bibi aivute hadi kwenye vifundo, fimbo aishike kupitia kanga, kama wanavyofanya wakisikia baridi. Vidole vitatokeza ncha tu.

Mwana_Jukwaa

Tanga hii mama, baridi ya wapi? Igizo ni mwezi wa pili.

Korosho_Mzee

Wazee husikia baridi hata mwezi wa pili. Mimi hapa nina sweta.

BiMaleba

Umeshajibiwa. Lakini ijaribu kwanza, inaweza kukuzuia ule mstari unaonyoosha kidole kwa karani. Ule mkono lazima uonekane wote, na sijui bado tutafanyaje hapo.

FundiPicha_Ilala

Mimi ningempiga picha kutoka kulia, mkono ukae upande wa kivuli.

Mwana_Jukwaa

Picha nitaokoa, lakini waliokaa kushoto je? Nitazungumza na fundi wa taa kesho, zoezi ni saa kumi. Kamwambieni na nyie, maana mimi soda nimeshamnunulia mbili.